Madoa kwenye shina, njano kwenye majani: ua lako la ndani linaumwa wapi hasa

*"Mtaalamu, naomba msaada. Nimetuma picha za ua langu la ndani. Aliyeniuzia aliniambia ni mti wa pesa, programu ya simu inasema ni Zamia furfuracea. Matawi ya chini yanageuka njano moja baada ya jingine, mashina yana madoa meusi, na tangu nilitoe barazani lipate jua, majani ya juu yametoka mabaka ya kahawia. Namwagilia mara mbili kwa wiki, nimeongeza na mbolea ya kukuzia, lakini ndiyo kwanza linazidi. Mume wangu anasema nilitupe kabla halijaambukiza mengine. Ni ugonjwa gani huu na nipige dawa gani? Niko Dar es Salaam, ghorofa ya pili."*

Dada yangu, usilitupe, na hela ya dawa ibaki mfukoni. Umeniuliza ugonjwa mmoja, lakini kwenye picha zako naona mambo matatu yasiyohusiana. Madoa ya shina ni maumbile ya mmea wenyewe. Njano ya chini inatoka kwenye mizizi. Mabaka ya juu ni ya jua. La kushughulikia haraka ni hilo la katikati, na hata hilo dawa yake haiuzwi dukani.

Tuanze na jina, kwa sababu jina likikosewa, kila ushauri utakaousoma baadaye utakuwa wa mmea wa mtu mwingine. "Mti wa pesa" ni jina la biashara. Wauza maua wanalibandika kwenye mmea unaotambaa wenye majani yenye umbo la moyo, kwenye kale kenye majani manene ya mviringo, na kwenye huu wako pia. Hiyo ni mimea mitatu yenye kiu tofauti kabisa. Programu ya simu nayo ilikaribia, ila haikufika. Mmea wako ni Zamioculcas zamiifolia. Andika jina hilo hivyo hivyo unapotafuta habari zake. Wala si simu peke yake iliyoona ufanano huo. Wataalamu wa mimea wa karne ya 19 waliona majani yake yanafanana na ya Zamia, na jina la kisayansi wakalitunga kutokana na huo ufanano. Kwa hiyo picha ya majani tu, tena iliyopigwa kwa juu, lazima iichanganye simu: inaona mhimili wenye majani pande mbili, basi.

Usiniamini mimi tu, hakikisha mwenyewe kwa vidole. Shika jani moja dogo ulipapase. La mmea wako litakuwa laini, linang'aa kama limepakwa mafuta, na ukiligeuza utaona mshipa mkuu umepita katikati. Zamia, ambayo kwao ni pwani ya Meksiko, ina majani makavu magumu yenye vumbi au manyoya ya rangi ya kahawia, kingo zake kuelekea nchani zina meno madogo, na haina mshipa wa katikati: mishipa yake yote myembamba imekwenda sambamba. Kisha teremka chini udongoni. Kwenye mmea wako kila tawi limechomoza peke yake kutoka ardhini, na pale chini limevimba, ni nene na lina maji. Picha yako ya pili inauonyesha uvimbe huo vizuri sana, na ndiyo iliyonipa uhakika.

Tofauti hii ina maana nyumbani kwako. Zamia ni sumu kali, hasa mbegu zake, na huweza kuua mbwa kwa kuharibu ini. Huu wako ni wa ukoo wa magimbi, na sumu yake ni ile ile inayowasha koo ukila gimbi lisiloiva: fuwele ndogo za kalsiamu oksaleti. Mtoto akitafuna jani atawashwa mdomo na koo, atalia na kutema. Msuuze mdomo, mpe maji au maziwa, na kama midomo au ulimi unavimba au anapumua kwa shida, mpeleke hospitali. Wewe mwenyewe vaa glavu unapoukata, na usijiguse macho.

Halafu, huyu ni mwenyeji. Watu wengi wanaununua wakidhani umetoka Uholanzi au Asia, na kweli Waholanzi ndio walioanza kuuzalisha kwa wingi kwa ajili ya soko la dunia katika miaka ya 1990. Lakini kwao ni huku huku: unaota porini Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, Malawi, Msumbiji, mpaka Afrika Kusini upande wa KwaZulu-Natal. Huota chini ya kivuli cha miti, mara nyingi kwenye miamba na udongo unaopitisha maji upesi. Huko mvua inanyesha kwa nguvu kwa msimu, kisha inakatika kwa miezi. Mmea umejipanga kwa maisha hayo. Chini ya udongo una viazi vinavyoweka akiba ya maji, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa majani na mashina yake ni maji. Ukibanwa na ukame, unaweza kufungua vitundu vya majani usiku, kukiwa na baridi, badala ya mchana, ili upoteze maji kidogo. Kiangazi kikizidi sana, unaangusha majani, unabaki na viazi na vigutu vya mashina, unasubiri mvua.

Mmea wa namna hiyo, ukimwagiliwa mara mbili kwa wiki kwenye chungu kilicho ndani ya nyumba, unaishi kwenye masika isiyokwisha.

Sasa madoa. Chukua tochi ya simu uangalie shina moja bichi, lililo na afya, kuanzia pale lilipovimba kwenda juu. Utaona michirizi na vidoa vya rangi ya zambarau iliyokolea, karibu na nyeusi, juu ya kijani. Vimejaa zaidi chini na vinapungua kadiri unavyopanda. Pitisha ukucha juu yake: ngozi ni laini, haina shimo wala kigaga, rangi iko ndani ya ngozi yenyewe. Angalia tawi changa lililochipua juzi, nalo linavyo. Hiyo ndiyo rangi ya shina la mmea huu tangu kuumbwa kwake, na usipoiona ndiyo ungekuwa na sababu ya kutilia shaka jina. Watu wamenyunyizia dawa za ukungu miezi mizima kwa ajili ya madoa haya, na hayaondoki kwa sababu si ya kuondoka.

Doa la kuogopa kwenye shina lina tabia nyingine. Linabonyea ukiligusa, lina majimaji, rangi yake ni kahawia ya kitu kilichoiva kupita kiasi, na linatanuka. Kama huna uhakika, chora mpaka wa doa kwa kalamu ya wino usiofutika, andika tarehe kwenye chungu, rudi baada ya wiki moja. Doa la maumbile litakuwa ndani ya mstari wako. Kovu la jua au la kujikwaruza pia litabaki ndani ya mstari. Uozo utakuwa umeuvuka. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinanipa habari zaidi kuliko picha kumi za siku moja.

Njano ndiyo yenye mazungumzo marefu. Unachokiona kama tawi, kwa kweli ni jani moja kubwa lenye vipande vingi, na ndiyo maana linaondoka zima zima: likianza njano, vipande vyake vyote hufuatana mpaka shina lenyewe. Nitaendelea kuliita tawi ili tusichanganyane. Tawi moja la zamani kugeuka njano mara moja moja si habari. Limezeeka, mmea unavuta naitrojeni na virutubisho vingine kutoka humo na kuvipeleka kwenye chipukizi, klorofili inavunjika, kijani kinaondoka, njano iliyokuwa imejificha chini yake inaonekana. Lakini wewe unasema moja baada ya jingine, na kwenye picha yako ya kwanza nahesabu matawi manne ya njano kati ya kumi na moja, na mawili kati yake yamelala ubavuni. Huo si uzee.

Kinachotokea ni hiki. Mizizi inapumua, inahitaji oksijeni, na oksijeni hiyo inaipata kwenye nafasi ndogo ndogo zilizo kati ya chembe za udongo. Maji yakijaa nafasi hizo kwa muda mrefu, hewa inaisha. Mizizi myembamba inaanza kufa, na mzizi uliokufa haunyonyi maji hata ukiwa umelala ndani yake. Hapo juu mmea unapata kiu. Majani yananyong'onyea na kugeuka njano, mwenye mmea anasema "maskini, halijapata maji", anaongeza jagi jingine. Wakati huo huo kuvu na bakteria wa udongoni, ambao hawakuwa na nguvu mbele ya mizizi mizima, wanaingia kwenye mizizi iliyokufa na kutoka hapo wanahamia kwenye viazi. Ndiyo maana kwenye mmea huu njano ya kiu na njano ya maji mengi zinafanana ukitazama majani peke yake, na ndiyo maana jani pekee halitoshi kukupa jibu.

Tofauti iko chini. Mmea wenye kiu ya kweli una udongo mkavu mpaka kwenye kitako cha chungu, chungu chepesi ukikinyanyua, shina limekunjamana lakini ni gumu, na majani yanadondoka bila shina kulainika. Mmea uliozidiwa maji una udongo wenye unyevu na chungu kizito, na shina linalainika pale linapoingia udongoni mpaka tawi linalala lenyewe. Matawi yako mawili yaliyolala ndiyo yaliyonisemea. Na kuna jambo jingine kwenye picha, ambalo hukulitaja: chungu cheupe cha kauri unachokionyesha hakina sahani chini. Nadhani ndani yake kuna kopo lile jeusi la plastiki ulilonunulia ua, na hicho cha nje hakina tundu. Linyanyue kopo utazame. Nina hakika karibu yote kwamba utakuta maji yamesimama chini, na pengine yananuka.

Mbolea uliyoongeza haikusaidia, na sababu yake inafaa uijue. Mbolea ni chumvi. Mzizi mzima huinyonya, mzizi mgonjwa huiacha pale pale, chumvi inazidi kukolea udongoni mpaka inauzuia mmea kuvuta hata maji kidogo ambayo ungeyaweza. Kwa hiyo mbolea iache mpaka mmea utoe chipukizi jipya. Baada ya hapo, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kila miezi miwili au mitatu, inautosha kabisa. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, kama yalivyo maeneo mengi ya Dar, tatizo hilo hilo huja taratibu hata bila mbolea: ncha za majani zinakauka kahawia na ukoko mweupe unatanda juu ya udongo. Kwenye picha zako sioni ukoko, ila kinga maji ya mvua ukiweza.

Mabaka ya kahawia kwenye majani ya juu ni mepesi kuyasoma. Yako kwenye majani yaliyotazama nje tu, upande wa juu wa jani tu, na majani yaliyofunikwa na mengine hayana kitu. Jua pekee ndilo linalochagua hivyo. Ugonjwa hauchagui upande wa dirisha. Ukiligusa baka utakuta ni kavu, jembamba kama karatasi, na pembezoni pamepauka. Mmea uliozoea kivuli cha sebuleni haujajenga kinga dhidi ya jua kali, na jua la alasiri la Dar kwenye baraza linaweza kuuchoma kwa siku moja. Mabaka hayo hayataondoka, na hayataongezeka ukilirudisha ndani. Usikate jani kwa sababu ya baka. Sehemu yake iliyobaki kijani bado inafanya kazi, na mmea wako sasa hivi unahitaji kila jani la kijani ulilonalo. Liweke hatua mbili tatu kutoka dirishani, mahali ambapo mchana unaweza kusoma gazeti bila kuwasha taa.

Sasa kazi yenyewe. Chagua siku ambayo una saa moja ya nafasi. Tandika magazeti sakafuni, vaa glavu, toa kopo ndani ya chungu cha kauri na kumwaga maji yaliyosimama. Laza kopo ubavu, libonyeze pande zote, vuta mmea kwa kushika mashina kadhaa kwa pamoja, usivute moja. Usipotoka, kata kopo kwa mkasi. Pukutisha udongo kwa mkono mpaka uvione viazi, vya mviringo, rangi ya kahawia iliyopauka, vingine saizi ya ndimu na vingine zaidi.

Bonyeza kila kimoja. Kiazi kizima ni kigumu na hakina harufu zaidi ya udongo. Kilichooza kinabonyea, ngozi inabanduka, ndani ni kahawia au kijivu chenye ute, na harufu yake haikosewi. Mizizi mizima ni minene, myeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyooza inaacha ganda mkononi ukiivuta na kubaki na kamba nyembamba katikati. Chukua kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, kata kila kilicholainika mpaka ufike kwenye nyama safi nyeupe au ya njano hafifu. Ukiona mstari wa kahawia ndani ya nyama, hujafika, endelea kukata. Futa kisu tena kwa spiriti kila unapohama kiazi. Matawi ya njano yaliyolala yaondoe, hayatarudi kijani hata ufanye nini. Matawi ya kijani yaliyobaki yaache kwenye viazi vyake.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha: wakimaliza kukata wanapanda na kumwagilia siku hiyo hiyo. Usifanye hivyo. Laza mmea juu ya gazeti kavu, kivulini, penye hewa, siku mbili mpaka tatu, ili vidonda vikauke na kufunga. Kama ni wakati wa masika na hewa ina unyevu, mpe siku nne. Hautakufa, akiba yake ya maji ni ya kiangazi kizima.

Udongo wa kupandia usiwe ule mweusi mzito wa bustanini peke yake. Changanya sehemu moja ya udongo huo, sehemu moja ya mchanga mkubwa wa kujengea uliooshwa ukatoka chumvi (wa ufukweni usiuguse), na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa au vipande vidogo vya mkaa. Kipimo cha mchanganyiko mzuri ni maji: ukimwaga kikombe juu, kianze kutoka chini ndani ya dakika moja hivi. Chungu kiwe na matundu, na kiwe kidogo. Kati ya viazi na ukingo wa chungu acha nafasi ya vidole viwili, isizidi. Chungu kikubwa kinabeba udongo mwingi usio na mizizi, udongo huo unakaa na maji wiki nzima, na utarudi ulikotoka. Cha udongo wa kuchoma ni bora kwako kuliko cha plastiki kwa kuwa kinapumua ubavuni, lakini plastiki yenye matundu inafaa.

Panda viazi vifunikwe kidogo tu, sentimita mbili hivi, kisha usimwagilie kwa wiki moja. Baada ya hapo mwagilia mpaka maji yatoke chini, acha yachuje yote, rudisha ndani ya chungu cha kauri kikiwa kikavu. Mara ya pili isiwe kwa kalenda. Chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke mpaka chini, kiache dakika kumi. Kikitoka na udongo umegandia au kikiwa na ubaridi, subiri. Kikitoka kikavu kabisa, subiri siku nyingine tatu au nne, ndipo umwagilie. Kwenye chumba chenye mwanga wa wastani itakuwa kila wiki mbili au tatu wakati wa joto, na hata mwezi mzima wakati wa masika. Ukisita kati ya kumwagilia na kuacha, kwa mmea huu acha.

Njia nyepesi ipo, nayo ni kumwaga maji yaliyosimama na kuuacha ukauke bila kuung'oa. Inatosha kabisa kwa mtu ambaye ameona tawi moja la njano na mashina yote bado magumu. Kwako nisingeishauri, kwa sababu tawi likishalala kuna kiazi kimeshaanza kulainika, na uozo ulio ndani ya kiazi hauhitaji udongo wenye maji ili uendelee. Ukikuta viazi vyote vimeoza, usipoteze mwezi kujaribu kuviokoa. Chukua majani ya kijani yaliyobaki uanze upya.

Kwa kweli hayo majani nakushauri uyachukue hata kama viazi ni vizima, yawe bima. Chuma vipande kumi vya jani vilivyo kijani safi pale vinapoungana na mhimili, viache siku moja vikauke jeraha, kisha vichomeke theluthi moja kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Kila kimoja, baada ya miezi miwili mitatu, huwa kimetengeneza kijiazi saizi ya njegere. Halafu kimya. Chipukizi linaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka, na kile kipande cha jani kinaweza kukauka kabisa kabla halijatokea. Usikitupe, kijiazi kiko hai chini. Likija, tawi changa huwa na rangi ya kijani kibichi kilichopauka, karibu na limau, na watu wengi hulidhania limegeuka njano. Rangi hukolea lenyewe baada ya wiki kadhaa.

Mwambie shemeji asiwe na wasiwasi wa kuambukiza. Uozo wa aina hii unatoka kwenye maji yaliyotuama, hauruki chungu kwa chungu. Ila usitumie tena udongo huo wala kisu kichafu kwenye maua mengine. Vinavyoambukiza kweli ni wadudu, na hao wanaonekana. Geuza majani machache utazame upande wa chini na kwenye maungio: vidung'ata ni kama vipamba vyeupe, wadudu magamba ni vidoa vya kahawia vilivyoinuka ambavyo ukivikwangua kwa ukucha vinabanduka, na wote wawili huacha jani likinata. Ukiwakuta, tenga mmea, futa kila jani kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, rudia kila wiki kwa wiki nne. Kwenye picha zako sioni dalili yao, lakini majani umeyapiga kwa juu tu, na upande wa chini wa jani sikuuona.

Nikuombe basi picha nyingine, na mtu yeyote anayetaka kusomewa ua kwa picha azipige namna hii. Piga mchana karibu na dirisha bila mwako wa simu, taa ya njano imezimwa, kwa sababu taa hiyo hulifanya jani zima lionekane gonjwa. Weka karatasi nyeupe nyuma ya jani ili rangi isomeke. Moja iwe ya mmea mzima pamoja na chungu, moja ya pale shina linapoingia udongoni, moja ya upande wa chini wa jani lenye doa, na moja ya viazi vikiwa vimekatwa. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayoniambia kama umekata vya kutosha.

Picha ina mwisho wake. Ukikata viazi na uozo ukaendelea kupanda ndani ya wiki mbili ilhali udongo ni mkavu, au ukiona madoa yenye majimaji na duara la njano yakihama jani hadi jani, hata kwenye maua mengine, hapo kuna kiumbe kinachohitaji kutambuliwa kwa kupimwa. Funga kipande kilicho nusu kizima nusu kigonjwa kwenye karatasi kavu, si mfuko wa plastiki, umpelekee afisa ugani wa kata yako. Akishindwa, atakuelekeza kwenye ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu au maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nenda na maelezo ya ulivyomwagilia na ulichoongeza udongoni, watakuuliza hayo kwanza.